Kabla hujailaumu zinki, tazama bafa yako

Wiki nzima nilikuwa nikipima kaboniki anhidrasi ya binadamu, ile ya aina ya pili, na kila siku kasi ilitoka ndogo mno. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki ikishiba kaboni dioksaidi hugeuza karibu molekuli milioni 1 za gesi hiyo kuwa bikaboneti kwa sekunde. Yangu haikufika hata robo ya hapo. Nikajiaminisha kwamba zinki imedondoka, nikaagiza kimeng'enya kingine, nacho kikaleta namba zilezile. Kosa lilikuwa kwenye chupa ya bafa, kile kiyeyusho kinachozuia pH isiyumbe kwa kupokea na kutoa protoni, na sikuliona kwa sababu sikuwa nimeelewa sawasawa zinki inafanya nini mle ndani. Kwa hiyo, kama nawe unataka kupima kimeng'enya hiki, anza kwa kuielewa kazi ya zinki.

Wengi wetu tulijifunza kwamba zinki huinasa kaboni dioksaidi na kuishikilia mpaka maji yaifikie. Liondoe wazo hilo. Kinachoshikwa na zinki ni maji. Ioni hiyo, yenye chaji ya +2, imekaa chini ya shimo refu lenye umbo la koni, ikishikiliwa na histidini tatu: nambari 94, 96 na 119. Nafasi yake ya nne inakaliwa na molekuli moja ya maji. Zinki huvuta elektroni za oksijeni ya maji hayo upande wake, na kifungo cha oksijeni na haidrojeni kinalegea. Protoni moja huachia kwa urahisi, na pale juu ya zinki hubaki haidroksaidi.

Ukubwa wa badiliko hilo unaonekana kwenye pKa, yaani ile pH ambayo nusu ya molekuli zimeshaachia protoni yake. Kwa maji matupu ni zaidi ya 14. Kwa maji yaliyoshikwa na zinki hii inashuka mpaka karibu 7. Ndiyo kusema, kwenye pH 7, nusu ya vimeng'enya vyako tayari vina haidroksaidi mkononi, wakati maji yaliyovizunguka yana haidroksaidi kidogo sana. Histidini zenyewe hazina chaji, na hilo lina maana kubwa: chaji ya +2 inabaki nzima na kuelekea kwenye maji. Watafiti waliobadilisha histidini moja kati ya hizo wakaweka asidi amino yenye chaji hasi, waliona pKa ikipanda.

Kaboni dioksaidi yenyewe huingia pembeni, kwenye mfuko mdogo usiopenda maji, karibu kabisa na haidroksaidi. Oksijeni ya haidroksaidi huishambulia kaboni, bikaboneti inaundwa, kisha maji mapya yanakuja kuisukuma bikaboneti itoke. Hatua hii ni ya haraka mno. Bila kimeng'enya, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nusu ya kaboni dioksaidi iliyoyeyuka huchukua sekunde 18 hivi kugeuka.

Sasa turudi kwenye chupa yangu. Baada ya bikaboneti kutoka, juu ya zinki kuna maji, si haidroksaidi. Lazima protoni iondoke kabla ya mzunguko mwingine kuanza. Chukua karatasi ufanye hesabu hii. Protoni inayorudi kwenye haidroksaidi haiwezi kwenda haraka kuliko inavyoweza kusafiri majini, na kikomo hicho ni kama 10¹¹ kwa mola kwa sekunde. Ukizidisha kwa 10⁻⁷, kwa kuwa pKa ni 7, unapata kasi ya juu kabisa ya protoni kutoka na kuingia majini:

10¹¹ × 10⁻⁷ = 10⁴ kwa sekunde

Elfu kumi! Na kimeng'enya kinageuza karibu milioni 1. Kwa maji peke yake haiwezekani. Mimi nilipoimaliza hesabu hii niliweka kalamu chini, maana jibu lilikuwa mbele yangu: protoni haiachwi majini, inapokelewa na bafa.

Njia yake ni hii. Kutoka kwenye zinki protoni hurukia molekuli kadhaa za maji zilizojipanga shimoni, hufika kwenye histidini nambari 64 iliyo karibu na mdomo wa shimo, umbali wa angstromu 7 na kitu, kisha histidini hiyo huikabidhi kwa bafa. Histidini 64 ikiondolewa na kuwekwa alanini, kasi huanguka sana, lakini ukiongeza imidazoli kwenye mchanganyiko sehemu kubwa ya kasi hurudi, kwa kuwa imidazoli inafanya kazi ileile ya kubeba protoni.

Nami nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nafuatilia mmenyuko kwa rangi ya fenoli nyekundu, na ili rangi ibadilike waziwazi nikashusha bafa yangu, HEPES, mpaka milimola 1. Rangi ilipendeza kweli. Ila nilikuwa nimewaondoa wapokeaji wa protoni, na vimeng'enya vyangu vikawa vinasimama na maji juu ya zinki vikisubiri pa kuitua protoni. Nilipopanda hadi milimola 20, kisha 50, kasi ilipanda, na mwishoni ikatulia. Hapo ilipotulia ndipo pa kupimia.

Utajuaje basi kama tatizo ni bafa au ni zinki kweli? Pima kwa viwango kadhaa vya kaboni dioksaidi, kuanzia vidogo, halafu chora kasi dhidi ya kiwango, mara moja kwa bafa kidogo na mara moja kwa bafa nyingi. Kaboni dioksaidi ikiwa kidogo, kimeng'enya hungoja chakula chake, si mbebaji wa protoni, kwa hiyo michoro miwili hupanda pamoja. Inaachana juu, kaboni dioksaidi inapokuwa nyingi. Yangu ilifanya hivyohivyo. Zinki ikiwa imepotea, mchoro utakuwa chini tangu mwanzo kabisa, na hakuna bafa itakayouinua, kwa sababu kimeng'enya kisicho na metali hakifanyi kazi.

Ukitaka uhakika zaidi, hesabu zinki zinazofanya kazi kwa asetazolamidi. Dawa hii hushika zinki moja kwa moja kwa nitrojeni yake na kuyafukuza maji, dawa moja kwa kimeng'enya kimoja, na hushika kwa nguvu. Ongeza kidogokidogo huku ukipima kasi inayobaki, ukitumia kimeng'enya cha kutosha ili dawa isielee bure. Kasi ikifika sifuri, kiasi cha dawa ulichotia ndicho kiasi cha zinki iliyo hai. Kwangu kilikaribia kabisa kiasi cha protini niliyoweka, na kile kimeng'enya cha kwanza nilichotaka kukitupa kilikuwa kizima.

Jambo moja dogo la kuangalia unapopandisha bafa: usisawazishe chumvi kwa kloridi, maana ioni hasi ndogo hupenda kukaa palepale kwenye zinki, hasa pH ikishuka. Tumia salfeti ya sodiamu. Na daima toa kasi ya chupa isiyo na kimeng'enya, kwa sababu kaboni dioksaidi hugeuka polepole hata yenyewe, na bafa yako mpya huenda ikabadilisha kidogo kasi hiyo.