Tenki halijai usiku wa mgao? Shika ndoo na mpira kabla ya kununua bomba

Huku kwetu Goba, Dar es Salaam, maji ya mgao huingia usiku, mara nyingi kuanzia saa tano hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Hayo ni masaa sita. Tenki letu la lita 2000 liko juu ya mnara wa mita tatu, na kwa muda mrefu tulikuwa tukiamka tunalikuta limefika nusu na kidogo tu. Majirani wengi wana shida hiyohiyo, na ushauri wanaopewa ni mmoja: badilisha bomba lote, au funga pampu. Yote mawili ni gharama kubwa, na pampu ikifungwa kwenye bomba la mtaa ina madhara nitakayoyaeleza. Mimi nasema kwanza ujue maji yanakwamia wapi, na vifaa vya kujulia hilo ni ndoo ya lita 20, saa ya simu na mpira wa bustani.

Subiri maji yaje, funga matumizi yote ndani, kisha jaza ndoo kwenye koki iliyo karibu kabisa na mita. Andika muda. Halafu panda juu ya tenki, pima tena pale maji yanapoingilia, floti, ile koki ya boya inayofunga maji tenki likijaa, ikiwa mahali pake. Mwisho ifungue floti, maji yatoke kwenye bomba wazi, upime mara ya tatu. Kwetu, ndoo ilijaa kwa dakika moja na robo pale kwenye mita. Juu ya tenki, bomba likiwa wazi, ilichukua dakika tatu na nusu. Floti iliporudishwa, dakika sita. Ukipiga hesabu, hizo dakika sita ni lita 200 kwa saa, yaani lita 1200 kwa usiku mzima. Ndiyo nusu na kidogo tuliyokuwa tukiikuta asubuhi.

Namba hizo tatu zinasema mengi. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni ya floti peke yake: kifaa kidogo kuliko vyote kilikuwa kinakula karibu nusu ya maji yaliyokwishafika juu. Tofauti kati ya kwenye mita na juu ni ya bomba, viungo vyake na kimo cha mnara. Na ile namba ya kwenye mita ndiyo kikomo: hakuna ufundi wa ndani ya uwanja wako utakaoleta maji mengi juu ya mnara kuliko yanayotoka pale chini. Kama hata koki ya kwenye mita inadondosha kamba nyembamba huku jirani wa pembeni anapata vizuri, tatizo ni la mita au la bomba la kutoka barabarani. Mita nyingi zina chujio dogo mlangoni ambalo huziba kwa mchanga na kutu. Hapo waite mamlaka ya maji waje waifungue wenyewe, kwa sababu lakiri si yako kuikata.

Mpira unapima nguvu ya maji. Ufunge kwenye koki ya chini, fungua maji, kisha panda na ncha yake taratibu kando ya mnara hadi maji yaache kutoka. Kimo hicho, kuanzia kwenye koki, ndicho nguvu ya maji uliyonayo usiku huo. Mita kumi za kimo ni kama ba moja ya presha. Mdomo wa tenki letu uko mita nne na nusu kutoka chini, na maji kwenye mpira yalikuwa bado yanatoka vizuri nilipofika juu ya tenki. Kwa hiyo nilijua nguvu ipo, ila inapotea njiani.

Fundi alipokuja hakuwa na subira na vipimo vyangu. "Mama, hapa dawa ni pampu tu, utaona tenki linajaa saa moja," alisema. Nikamjibu, "Fundi, tufungue kwanza hiyo floti, pampu tutaizungumza baadaye." Akaifungua. Ilikuwa ya shaba, ya nusu inchi, imara kwa kuiangalia. Tulipotoa pini na kuvuta kile kizibo, ndani kulikuwa na tundu ambalo njiti moja ya kiberiti inapita, mbili hazipiti. Ni kama milimita tatu. Floti za namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya maji yenye nguvu kubwa, ambako tundu dogo husaidia boya lake kuyazuia. Kwenye mgao wa usiku, nguvu ikiwa ndogo, tundu hilo linakunyima maji saa zote sita.

Ukienda dukani usitazame ukubwa wa nyuzi za nje pekee. Shusha mkono wa floti mpaka chini, ielekeze kwenye mwanga, uchungulie tundu lenyewe. Sisi tulichukua ya robo tatu yenye tundu pana na mkono mrefu. Mkono mrefu una kazi yake: tundu likiwa pana, maji nayo yanasukuma kizibo kwa nguvu zaidi, na floti yenye mkono mfupi au boya dogo inaweza kushindwa kufunga siku presha ikipanda. Kwa hiyo mara ya kwanza tenki linapojaa, kaa uangalie kama maji yanakatika kabisa kabla ya kufikia bomba la kufurikia.

Baada ya floti tulifuata vizuizi vya njiani. Kulikuwa na koki ya kuzungusha ya aina ya zamani, ile ambayo maji hupanda na kushuka ndani yake kabla ya kutoka upande wa pili. Hata ikiwa wazi kabisa, inapunguza nguvu sana. Tukaiondoa, tukaweka boli valvu, ambayo ikifunguliwa maji yanapita moja kwa moja. Hata boli valvu zichungulie dukani, maana zipo zenye tundu dogo kuliko bomba lake.

Kubwa zaidi lilikuwa kwenye kipande kilichopanda mnarani. Kilikuwa cha PPR, mabomba ya kuchomelea kwa moto. Tulikata elbo moja ili tuone ndani, na pale plastiki ilipoyeyukia ilikuwa imevimba kuelekea katikati, ikaacha tundu la ukubwa wa penseli. Hiyo hutokea fundi anapoacha bomba kwenye mashine ya moto muda mrefu, au anapolisukuma ndani kupita alama. Kwa nje kiungo kinapendeza kabisa. Elbo za namna hiyo zilikuwa tano kati ya chini na juu.

Tena kuna jambo la PPR ambalo wengi hawaambiwi. Namba iliyoandikwa juu ya bomba ni kipimo cha nje. Bomba la PPR la milimita 20, lile nene la kuhimili maji ya moto, lina tundu la milimita 13 tu hivi, wakati bomba jeusi la plastiki la milimita 20 huwa na tundu la kama 16. Milimita tatu zinaonekana hazina maana, lakini msuguano wa maji hupanda haraka mno tundu linapobana: maji yaleyale yakipita kwenye 13 hupoteza nguvu zaidi ya mara mbili kuliko kwenye 16. Ukienda upande wa pili, bomba jeusi la milimita 32, wanaloliita la inchi moja, lina tundu la karibu 27, na msuguano unashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa nusu inchi.

Ndiyo maana kwenye mita 35 kutoka mita hadi mnarani tulilaza bomba jeusi la inchi moja, la roli moja, bila kiungo katikati. Linapanda mnara kwa kupindwa taratibu badala ya elbo, na limefungwa kwa vibanio kila nusu mita ili lisilegee. Kwenye mtaro tulihakikisha halipandi na kushuka kama mgongo wa ngamia, kwa sababu hewa inayotangulia maji ya mgao hujikusanya kwenye vilele hivyo na kuyabana. Upande wa mita tulipunguza kurudi nusu inchi mara moja tu, palepale. Kipande kifupi chembamba hakidhuru kama mita 35 nyembamba.

Usiku uliofuata ndoo juu ya tenki, floti ikiwa mahali pake, ilijaa kwa dakika mbili na robo hivi. Ni zaidi ya lita 500 kwa saa. Tenki tupu sasa linajaa kwa masaa manne, na mgao unaisha likiwa limeshajifunga. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu, anza na floti. Kwetu hiyo peke yake ingetupandisha kutoka lita 200 hadi karibu 340 kwa saa.

Mpira ukikuonyesha kwamba maji yanaishia mita tatu au nne, yaani chini ya mdomo wa tenki, usinunue bomba. Hakuna kipenyo kitakachopandisha maji kuliko nguvu yake. Hapo weka tenki la pili chini, juu ya msingi mfupi wa zege. Maji yataingia kwa kimo cha mita moja na nusu badala ya nne na nusu, kisha pampu iyavute kutoka tenki hilo kwenda juu. Iwe na swichi ya boya itakayoizima tenki la chini likikauka, la sivyo itaungua.

Kuunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa nilikataa, na namshauri kila mtu akatae. Pampu ikivuta kuliko maji yanayokuja, ndani ya bomba kunakuwa na mvuto, na pale lilipopasuka hunyonya maji ya mitaro na ya vyoo. Yataingia kwako na kwa majirani. Pia unawanyima wenzako walio kwenye mstari huo, na mamlaka za maji huchukulia hilo kama kosa.

Wapo wanaoingizia maji chini ya tenki ili kukwepa kimo. Inasaidia kidogo tenki likiwa tupu, lakini kadiri linavyojaa faida inaisha, na mgao ukikatika maji yako yanarudi barabarani kupitia tundu hilohilo. Valvu ya kuzuia kurudi inaweza kukwama na punje ya mchanga. Acha maji yaingilie juu, yadondoke hewani.

Mchanga ndio utakaokurudisha nyuma. Maji ya kwanza ya mgao huja na kutu na tope, kwa hiyo tumeweka koki ya kumwagia karibu na mita. Aliye macho huifungua kwanza, maji ya kahawia yanaingia kwenye ndoo ya kumwagilia migomba, yakitakata anafungua ya tenki. Ndoo ikianza tena kuchukua dakika tatu, nafungua floti kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi nakuta kipande cha tepu ya kuzibia nyuzi kimelala kwenye tundu.