Re: Nimelipwa kutangaza bidhaa, nimeweka #sp, wanasema haitoshi

"Niko Marekani, kampuni ya mafuta ya nywele imenilipa niwasifie kwenye video ya YouTube ya Kiswahili. Nimeweka #sp mwisho wa maelezo, wao wanasema haitoshi. Nifanyeje?"

Salama ndugu. Hapo wana haki. Mwongozo wa FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, unakataa vifupisho kama #sp, yaani "sponsored", kwa sababu mtazamaji wa kawaida havielewi. Pia ukiificha taarifa chini ya maelezo, ataiona tu anayebonyeza kuyafungua, na wengi hawabonyezi.

Anza na kisanduku. Ingia YouTube Studio, fungua Content, chagua video, bonyeza Show more, kisha utie alama kwenye Paid promotion. Mtazamaji ataona ujumbe mwanzoni kwa sekunde 10. Hilo linairidhisha YouTube, lakini FTC inasema wazi kuwa alama ya jukwaa peke yake huenda isitoshe.

Kwa hiyo sema mwenyewe ndani ya video, kabla hujaanza kuisifia chupa: "Kampuni ya mafuta haya imenilipa kutengeneza video hii." Yaandike na kwenye skrini, maana wapo wanaotazama bila sauti. Tena kwa Kiswahili! FTC inataka taarifa iwe kwa lugha ile ile ya tangazo, kwa hiyo #ad haimsaidii shangazi asiyejua Kiingereza.

"Asanteni kampuni fulani" nayo haitoshi. Shukrani haisemi umelipwa. Na wangekupa chupa za bure tu bila pesa, bado ungepaswa kusema.