Riba na faini kwenye invoisi iliyochelewa, wakati mteja alisaini

Swali: Sheikh, asalamu alaykum. Mi niko Mbeya nauza mchele wa Mbarali kwa jumla. Hoteli moja ya Iringa ilichukua mzigo wa 4,800,000, invoisi inasema walipe ndani ya siku 30, ikipita hapo riba 2% kwa mwezi na faini 100,000. Walisaini kabisa. Miezi mitatu imepita tangu muda uishe. Naweza kudai hizo nyongeza?

Jibu: Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Hapana, hiyo 288,000 ya riba na hiyo laki ya faini usizichukue, maana mzigo ukishauzwa na bei ikishafungwa, ile 4,800,000 ni deni, na deni haliongezeki kwa sababu ya siku kupita. Hiyo ndiyo riba yenyewe, uiite faini uiite gharama ya usumbufu, ni ileile.

Najua utasema "lakini walisaini". Saini ina uzito, Qur'an imetuamrisha tutimize mikataba (5:1), ila Mtume (s.a.w.) alisema sharti lisilokuwamo kwenye Kitabu cha Allah ni batili hata yakiwa masharti mia. Kwa hiyo kipengele cha riba kinaanguka peke yake, ile bei na zile siku 30 zinabaki palepale na ndizo utakazoshika unapowadai.

Sasa usidhani nakwambia ukae kimya. Angalia kwanza hali yao. Kama hoteli imekwama kweli, vyumba vitupu na wafanyakazi hawajalipwa, aya ya 2:280 inakutaka uwape muda mpaka wapate nafuu. Ila kama wateja wanajaa na wamejenga ghorofa jingine huku wanakuzungusha, basi Mtume amesema tajiri kuchelewesha deni ni dhulma, hapo peleka barua, ambatisha invoisi yenye saini, na ukifika mahakamani hakuna ubaya. Gharama halisi ulizotumia kufuatilia unaweza kudai, mfano nauli ya Iringa mara mbili na ada ya kufungua kesi, zenye risiti, si makadirio ya kichwani, na si faida uliyoikosa hela ilipokuwa kwao.

Kwa mauzo yajayo badilisha fomu. Ukiuza kwa mkopo wa siku 30, panga bei yako ya mkopo toka mwanzo, hata ikizidi ya keshi, sema 5,000,000, mkishakubaliana hiyo moja haibadiliki tena hata akichelewa mwaka. Chukua na mdhamini au rehani. Na kama unataka kitu cha kumtia woga, wanazuoni wengi wa benki za Kiislamu wameruhusu mteja mwenyewe ajifunge kwa maandishi kwamba akichelewesha ilhali anacho, atatoa kiasi fulani sadaka kwa masikini. Hiyo sadaka isiingie mfukoni mwako hata shilingi, wala usiikate kwenye gharama zako.

Wallahu a'lam.