Re: Mshahara tarehe 25, tarehe 10 hela ya chakula imekwisha

"Jamani tuko Usa River, watu watano, hatuna friji. Mshahara unaingia tarehe 25 lakini kufika tarehe 10 hela ya chakula imekwisha. Mnapangaje menyu ya wiki na listi ya soko?"

Dada, kwetu pia tuko watano, watoto wanakula mchana shule na sisi kazini, kwa hiyo siku za wiki napanga chakula cha usiku tu, wikiendi naongeza mchana wa Jumamosi na Jumapili. Jumla milo tisa kwa wiki.

Kabla ya menyu, mshahara ukiingia chukua kalenda uhesabu Jumamosi zilizopo mpaka mshahara mwingine, usihesabu wiki nne kwa mazoea, maana kuna mwezi una Jumamosi tano na huo ndio unaowaua watu. Soko la Tengeru linajaa Jumatano na Jumamosi, basi hela yako itembee kwa siku hizo. Mfano una 220,000 ya chakula. Mimi 110,000 naimaliza siku za mwanzo kwa vikavu, inayobaki nagawa kwa tano hata kama Jumamosi ni nne. Inakuja 22,000 kwa wiki, yaani 15,000 ya Jumamosi na 7,000 ya Jumatano, kila moja kwenye bahasha yake. Mwezi wa Jumamosi nne ile 22,000 inayobaki inanunua maharage ya akiba, hasa mwezi wa saba wa nane wakulima wakiwa wametoka kuvuna na bei imeshuka.

Vikavu vyangu ni unga kilo 15, mchele kilo 8, maharage sado mbili, mahindi ya kukoboa ya makande, sukari, mafuta, dagaa, chumvi na majani ya chai. Unga nimeupata hivi, ugali wa watu watano unakula kama gramu 700, mara tano kwa wiki ni kilo tatu na nusu, zidisha kwa mwezi. Wewe pima wa kwako siku moja kwenye mizani ya dukani kwa sababu wanaume wa kazi ngumu wanakula zaidi. Na kwenye sado kuwa makini sana, angalia ndani kabla hajakupimia, kuna zilizobonyezwa kitako kikapanda juu. Sado nzima ya maharage haipungui kilo tatu, ukitilia shaka kapime duka la jirani.

Sasa menyu, mimi nafuata kinachooza kwanza, sianzi na hamu. Jumamosi jioni natoka sokoni na mchicha na mnafu, hivyo Jumamosi mchana ni ugali na dagaa, usiku ugali na mchicha na dagaa. Jumapili asubuhi nachemsha maharage kama robo tatu kilo yaliyolowekwa usiku, mchana tunakula na wali, usiku yanayobaki kwa ugali na mnafu. Yale ya usiku nayatenga kabla sijaunga, yakae bila kitunguu wala nyanya, na jioni yachemke upya mpaka yatokote. Ukiona povu au utelezi au harufu ya uchachu mwaga tu, usijaribu kuokoa. Jumatatu ndizi mshare na nyama nusu kilo ya bucha ya mtaani, nanunua jioni ile ile. Jumanne makande, kwa sababu hapo mboga zimekwisha na makande hayahitaji chochote kibichi zaidi ya kitunguu na karoti. Jumatano kuna soko tena, ugali na mchicha mpya. Alhamisi wali na njegere au choroko, Ijumaa ugali na kabeji, maana kabeji ya Jumatano nzima haijakatwa inafika Ijumaa bila shida.

Nyanya ndizo zinazopoteza hela nyingi. Fungu linapangwa nzuri juu na laini chini, mwambie mama akuchagulie kwa kuchanganya, mbivu za siku mbili na zingine bado zina ukijani kwenye kikonyo, hizo zitandaze sakafuni kwenye karatasi zisigusane, zinaiva zenyewe mpaka Jumatano. Kipindi cha masika nyanya zinapanda sana na zinaoza haraka, mimi napunguza nusu naongeza karoti na kitunguu kwenye kuunga.

Muda nao: vikavu nenda asubuhi uchague, mboga na nyanya nenda kuanzia saa kumi jioni, wale waliotoka mbali hawataki kurudi na mzigo, bei inateremka japo uchaguzi unakuwa mdogo. Ukikosa Tengeru, Ngaramtoni wana Alhamisi na Jumapili ila kutoka Usa nauli inakula faida, labda kama una safari ya huko.

Kama mume ana hela ya kila siku, bodaboda au kibarua, hiyo isiingie kwenye bahasha kabisa. Iwe ya mkaa, maziwa na ile nyama ya Jumatatu, siku isipopatikana Jumatatu unakula ndizi na karanga na menyu nyingine haiguswi.