Mlipuko wa bosi wa gemu na mimuliko 15 kwa sekunde

*"Bosi akilipuka, skrini nzima inakuwa nyeupe fremu 2, nyeusi fremu 2, kwa fremu 60 kwa sekunde. Onyo mwanzoni linatosha?"*

Halitoshi, ndugu. Wengine hawajui kwamba mwanga huwaletea kifafa mpaka siku kiwashike. Hiyo ni mimuliko 15 kwa sekunde, na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka isizidi 3. Mulika mara moja tu, kisha weupe ufifie taratibu kwa nusu sekunde. Kishindo kiachie sauti. Nyekundu kali ndiyo hatari zaidi: Japani, Desemba 1997, nyekundu na buluu zilizopishana kwenye katuni ya Pokémon zilipeleka mamia ya watoto hospitalini. Ukimaliza, rekodi kipande, kipitie fremu kwa fremu, uhesabu. Mwenye historia ya kifafa asikujaribie kabla daktari wake hajamruhusu.