Neno «wengi» lilivyonirudisha kwenye kaya 60

Nilipokuwa nikiandika memwari yangu hapa Goma, niliweka katika ukurasa wa kwanza sentensi niliyoiona kuwa nzuri: «Watu wengi wanaotumia maji ya ziwa wanayaweka katika vitu visivyofaa, na mambo hayo huharibu maji sana.» Mwalimu aliyenisimamia alizungushia kalamu «wengi», «vitu», «mambo» na «sana», kisha akaandika pembeni: «Nikitaka kukupinga, nianzie wapi?»

Nilidhani ananionea, kwa kuwa kila mkaaji wa Goma anajua ninachosema. Kasoro ilikuwa hapo hapo: sentensi ile ilimtegemea msomaji anayejua tayari, na asiyejua hakuwa na njia ya kuihakiki. Neno «wengi» halisemi ni wangapi wala kati ya wangapi. «Vitu» huchanganya bidoni ya lita 20 yenye kifuniko na beseni lililo wazi, ingawa maji hayachafuki humo kwa namna moja. (Sokoni tungesema «bintu mingi» na tungeelewana, kwa sababu sokoni mtu huonyesha kwa kidole.)

Nikarudi kwenye daftari langu. Nilikuwa nimetembelea kaya 60 za mtaa mmoja karibu na Ziwa Kivu, na katika kila kaya nilipima klorini huru, yaani dawa ya kuua vijidudu ambayo bado ina nguvu, iliyobaki katika maji ya kunywa, kwa kidonge cha DPD kinachogeuza maji kuwa ya waridi pale klorini ilipo. Sentensi mpya ikawa hivi: «Kati ya kaya 60 zilizotembelewa, 41 zilikuwa na maji ya bidoni yenye klorini huru iliyo chini ya miligramu 0.2 kwa lita.» Sasa mtu yeyote mwenye vidonge vile vile anaweza kupima na kusema nimekosea.

Nilitaka kuongeza «asilimia 68.33», lakini mwalimu akaifuta. Tarakimu mbili baada ya nukta zinadai uhakika ambao kaya 60 haziwezi kuutoa, na kwangu udanganyifu huo ni mbaya kuliko «wengi», kwa kuwa unavaa nguo za usahihi. Vilevile niliondoa madai kwamba maji hayo huleta magonjwa: nilipima klorini, sikuhesabu wagonjwa.

Ushauri wangu ni kutafuta maneno yale manne aliyoyazungushia mwalimu katika rasimu yako, moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja kujiuliza ni kipimo gani ulichokuwa nacho mkononi ulipoliandika. Mara nyingine utagundua kwamba hukuwa nacho. Mimi niligundua hivyo hata kwa neno jingine, «iliyobaki»: klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, nami sikuwa nimeandika popote maji ya kila bidoni yalikuwa yamekaa saa ngapi tangu yatiwe klorini. Nilibeba vidonge vyangu, nikaanza tena na kaya ya kwanza.