Mngurumo wa hezi 50 kati ya osiloskopu na jenereta ya mawimbi

Swali: "Kila kifaa peke yake hakina kelele. Nikiviunganisha kwa kebo ya mawimbi, naona wimbi la hezi 50. Ethi ina kasoro?"

Ethi yako huenda ni nzima, ndugu. Kasoro ni kwamba kuna njia mbili za ethi. Osiloskopu imechomekwa ukuta mmoja na jenereta ukuta mwingine, na wavu wa kebo ya mawimbi umeziunganisha tena, hivyo umepatikana mzunguko kamili ambamo mkondo hupita. Mkondo wa miliampia 20 katika wavu wenye ukinzani wa omu 0.05 huzaa milivolti 1, ambayo huongezeka moja kwa moja juu ya kipimo chako.

Gusisha ncha ya probu na klipu yake ya ethi kwenye ganda la jenereta: mngurumo ukibaki, chanzo ni mzunguko huo.

Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, ili nyaya zao za ethi zikutane mahali pamoja kama miale ya nyota, kisha zilaze kebo zote karibu karibu. Wavu bado unafunga mzunguko, lakini sasa ni mdogo na tofauti ya volti kati ya ethi hizo mbili ni ndogo mno.

Wapo wanaoshauri kukata pini ya ethi ya plagi, na ni kweli kwamba kelele itaisha, ila ganda la chuma linaweza kubaki na umeme wa kuua.